Miti 480 si sampuli ya 480: kuhakiki mpango wa uchambuzi wa jaribio la dawa za mikorosho

*Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Tuna jaribio la dawa tatu za maji za kuzuia ubwiriunga kwenye mikorosho ya Tandahimba na Newala, tunazilinganisha na salfa ya unga. Tuna mashamba 24, sita kwa kila dawa, na kila shamba tunapima miti 20, jumla miti 480. Tutapima ukali wa ugonjwa mara sita, mavuno ya kila mti, idadi ya korosho, uzito wa korosho moja na ubora wa punje. Kila dawa tutailinganisha na salfa kwa kipimo cha t, na data zisipokuwa na mgawanyo wa kawaida tutatumia Mann-Whitney. Mhakiki ameturudishia mpango: eti sampuli ni ndogo, vipimo ni vingi mno na vingine si sahihi. Miti 480 inakuwaje midogo? Turekebishe nini?*

Mhakiki wenu yuko sahihi katika yote matatu, ila dawa yake si kuongeza miti. Kasoro ni moja, na ndiyo inayozaa hizo nyingine: mpango wenu unahesabu miti, wakati kura ya kugawa dawa mmeipigia mashamba.

Anzieni hapo. Mlipopiga kura, kilichopata dawa ni nini? Ni shamba zima. Miti 20 ya shamba moja imepata dawa ileile siku ileile, kwa pampu ileile, kwenye udongo uleule, chini ya mkulima yuleyule anayepalilia mapema au kuchelewa. Shamba likiwa bondeni penye umande mwingi, miti yote 20 inaugua zaidi, na kipimo cha t kitaona miti 20 iliyoshuhudia kwamba dawa ni mbovu. Ukweli ni kwamba shahidi ni mmoja, karudia maneno mara 20.

Ukubwa wa kosa hili unahesabika. Kwa takwimu zilizo kwenye mpango wenu, yaani mkengeuko sanifu wa kilo 5 kwa mti na tofauti ya kilo 2 mnayotaka kuigundua, idadi kwa kila kundi inatoka hivi, kwa kiwango cha 0.05 na nguvu ya asilimia 80:

```
n = 2 x (1.96 + 0.84)^2 x 5^2 / 2^2 = 98
```

Bila shaka ndiko ilikotoka 98, mkaongeza akiba ya miti itakayopotea, mkafika 120. Hesabu haina kosa kama kila mti ungekuwa na shamba lake. Kwa kuwa miti inakaa kwa makundi, 98 lazima izidishwe kwa kizidishi cha makundi:

```
kizidishi = 1 + (m - 1) x rho
```

Hapo `m` ni idadi ya miti inayopimwa kwa shamba, na `rho` ni sehemu ya mtawanyiko wote inayotokana na tofauti kati ya shamba na shamba. Nikichukua 0.15, ambayo ni makisio yangu ya kufanyia hesabu tu, kizidishi ni 1 + 19 x 0.15, yaani 3.85. Miti yenu 120 kwa kila dawa inabeba taarifa ya miti 31 tu iliyo huru. Nguvu ya jaribio inashuka kutoka asilimia 80 hadi kama theluthi moja: hata kama dawa inaongeza kilo 2 kweli, mara mbili kati ya tatu mtarudi mikono mitupu. Mkitaka kurudisha asilimia 80 kwa mtindo huohuo mnahitaji miti 98 x 3.85, yaani 378, ambayo ni mashamba 19 kwa kila dawa, au 76 kwa jumla. Kuongeza miti kwenye mashamba yaleyale hakusaidii sana, maana `m` ikipanda, kizidishi nacho kinapanda.

Sidhani mtapata mashamba 76, na hamyahitaji. Njia nafuu ni kubadili kura: kila shamba lipate dawa zote nne, katika ploti nne, na kura ipigwe upya ndani ya kila shamba. Kwa mpango huo shamba lenye umande linaziumiza dawa zote nne kwa usawa, na tofauti kati ya mashamba inajifuta yenyewe mnapolinganisha ploti na ploti.

Hesabu yake inataka mtawanyiko ugawanywe mafungu matatu. Jumla ni 25, mraba wa zile kilo 5. Fungu la shamba ni 3.75, ndiyo ile asilimia 15. Fungu la ploti, yaani kona hii ya shamba kuwa bora kuliko ile, nimelikisia 1.25. Yanayobaki, 20, ni ya mti na mti. Mkipima miti mitano kwa ploti, wastani wa ploti una mtawanyiko wa 20/5 + 1.25, yaani 5.25, na tofauti kati ya ploti mbili za shamba moja ina mara mbili yake, 10.5. Lile fungu la 3.75 halimo tena. Basi:

```
mashamba = (1.96 + 0.84)^2 x 10.5 / 2^2 = 20.6
```

Ongezeni mawili kwa sababu sampuli ni ndogo na mgawanyo wa t una mikia minene, mnapata 23. Mashamba 24 mliyonayo yanatosha, na miti inayopimwa inabaki 480 ileile: mashamba 24, ploti 4, miti 5. Kilichobadilika ni kura tu. Angalizo: hii ni kwa ulinganisho mmoja, na nyinyi mna mitatu. Nitairudia hesabu hii nikifika kwenye wingi wa vipimo.

Kikwazo cha ploti ndani ya shamba ni salfa yenyewe. Unga wake hupeperuka, hata mkipuliza alfajiri upepo ukiwa umelala. Ukifika kwenye ploti ya dawa ya maji, ploti hiyo inapata dawa mbili. Hapo hamtajua kilichozuia ugonjwa ni kipi, na dawa dhaifu inaweza kuonekana inafanya kazi sawa na salfa. Kwa hiyo kila ploti iwe na miti ya kinga isiyopimwa. Ploti ya mistari mitatu yenye miti saba ina miti 21, na mitano ya katikati ndiyo inayopimwa. Ploti nne ni miti 84. Kwa nafasi ya mita 12 kwa 12 hiyo ni hekta 1.2, kama ekari tatu. Mashamba ya zamani ya Uwanda wa Makonde mara nyingi hayana mistari iliyonyooka, basi andikeni kanuni kwa umbali: kati ya mti unaopimwa wa dawa moja na mti unaopimwa wa dawa nyingine pawe na angalau miti miwili ya kinga. Siku ya kwanza ya kupuliza tandikeni karatasi nyeusi za nailoni chini ya miti inayopimwa kwenye ploti za dawa za maji. Zikionyesha unga wa njano, kinga haitoshi. Afadhali kulijua hilo Juni kuliko Desemba.

Ikiwa unga hauzuiliki kabisa, rudini kwenye shamba zima kwa dawa moja, ila pimeni miti michache kwa mashamba mengi. Miti 5 badala ya 20 inashusha kizidishi hadi 1.6, na mnahitaji mashamba 32 kwa dawa, 128 kwa jumla. Hiyo ndiyo bei ya upepo.

Mhakiki atauliza 0.15 na 1.25 zimetoka wapi, na ana haki. Chanzo bora ni data za majaribio yaliyopita yaliyopima mti mmoja mmoja. Kituo cha Naliendele kinatafiti korosho miaka mingi, muulizeni mtafiti anayehusika kama kuna seti ya data mnayoweza kukokotolea mafungu haya. Kumbukumbu za vyama vya ushirika vya wakulima, AMCOS, hazitoshi peke yake, kwa kuwa zinaonyesha kilo za mkulima na si za mti. Mkikosa kabisa, wekeni makisio mawili kwenye mpango, la wastani na la tahadhari, mwonyeshe idadi inavyobadilika. Fungu la ploti likiwa 2.5 badala ya 1.25, na la mti likibaki 20, mtawanyiko wa tofauti unakuwa 13, na hesabu ya juu inapanda kutoka mashamba 23 hadi 28. Mpango wenye namba mbili na sababu zake unaaminika kuliko wenye namba moja isiyo na asili.

Sasa wingi wa vipimo. Ugonjwa mara sita na mambo mengine manne ni vitu kumi, mara dawa tatu: vipimo 30. Kama dawa zote tatu hazitofautiani na salfa kwa lolote, bado mtegemee kwa wastani kipimo kimoja na nusu kitoke na p chini ya 0.05 kwa bahati tu. Kama vipimo vingekuwa huru, uwezekano wa kupata angalau kimoja ungekuwa asilimia 79. Vyenu si huru, maana mti wenye korosho nyingi ndio wenye kilo nyingi, hivyo uwezekano huo ni mdogo kidogo, lakini wastani wa kimoja na nusu haubadiliki. Na mkigawa tena kwa wilaya, Tandahimba peke yake na Newala peke yake, hesabu inapaa.

Wengi wakishaambiwa hivi hukimbilia kugawa 0.05 kwa 30 na kutumia 0.0017. Sishauri. Hilo linaua nguvu ya jaribio kwa ajili ya vipimo ambavyo hakuna aliyevihitaji. Kwanza punguzeni maswali. Tokeo kuu liwe moja tu, na kwa mkulima tokeo hilo ni kilo za korosho ghafi kwa mti. Ukali wa ugonjwa uwe tokeo la pili linaloeleza *kwa nini* mavuno yamebadilika, na zile alama sita zifanywe namba moja: eneo chini ya mstari wa ugonjwa. Tuseme ploti moja, kila siku 14, imepata wastani wa alama 0.5, 1, 2, 3, 3 na 2. Mnachukua wastani wa kila jozi inayofuatana, ambao ni 0.75, 1.5, 2.5, 3 na 2.5. Jumla ni 10.25, mnazidisha kwa siku 14, mnapata 143.5. Vipimo sita vimekuwa kimoja, na ploti iliyougua mapema ikaugua muda mrefu inahesabiwa kwa uzito wake. Idadi ya korosho, uzito wa korosho moja na ubora wa punje ripotini kwa makadirio na mipaka ya uhakika ya asilimia 95, mkiandika wazi kwamba hayo ni ya kueleza tu na hayatatumika kudai kuwa dawa imeshinda.

Kwa tokeo kuu mnabaki na ulinganisho mitatu: kila dawa na salfa. Huo urekebisheni kwa njia ya Holm. Ni rahisi kuikagua kwa mkono. Mkipata p za 0.012, 0.021 na 0.20, mnazipanga kutoka ndogo. Ya kwanza inalinganishwa na 0.05/3, yaani 0.0167, inapita. Ya pili na 0.05/2, yaani 0.025, inapita. Ya tatu na 0.05, inakwama. Kwa Bonferroni ya kawaida, yenye 0.0167 kwa zote, ile 0.021 ingeanguka, na Holm inawapa ulinzi uleule. Njia ya Dunnett nayo ni nzuri kwa sababu imetungwa kwa hali hii ya dawa nyingi dhidi ya moja. Chagueni moja, iandikeni, msibadilishe baada ya kuona matokeo.

Lakini marekebisho haya lazima yarudi kwenye ukubwa wa sampuli, na mipango mingi huyasahau hapo. Kwa kuwa kila dawa inaweza kulazimika kupita 0.0167, ile 1.96 inakuwa 2.39:

```
mashamba = (2.39 + 0.84)^2 x 10.5 / 2^2 = 27.4
```

Ni 28, na nyongeza ya sampuli ndogo ni kama matatu: 31. Wekeni akiba ya mashamba yatakayojitoa, 34. Bajeti ikigoma, kuna mlango mmoja halali wa kubaki na 24: pangeni dawa kwa foleni kabla ya kuanza, inayotarajiwa zaidi iwe mbele. Ya kwanza inapimwa kwa 0.05 kamili. Ikishinda ndipo ya pili inapimwa, nayo kwa 0.05. Ikishindwa, mnasimama hapohapo, na dawa ya tatu haidaiwi hata ikitoa p ya 0.001. Hakuna marekebisho mengine yanayohitajika. Njia hii ni kali, na ukikosea foleni unalia, ila kwa mwenye sababu nzuri ya kuamini dawa moja kuliko nyingine, ningeichagua.

Kuhusu vipimo vyenyewe: ile sentensi ya "tukikuta mgawanyo si wa kawaida tutatumia Mann-Whitney" ifuteni yote. Kwanza, Mann-Whitney haiponyi tatizo la miti kuwa ndani ya shamba. Nayo inadhani kila mti ni huru, kama kipimo cha t. Pili, kwa miti 480 kipimo cha Shapiro kitapiga kelele hata kwa kasoro ndogo isiyo na madhara. Tatu, kinachotakiwa kuwa na mgawanyo wa kawaida ni mabaki ya modeli, yaani tofauti kati ya mavuno yaliyopimwa na yale ambayo modeli inayatarajia, siyo mavuno ghafi, na mabaki hayo hutazamwa kwa mchoro.

Tumieni modeli mseto yenye shamba na ploti ndani yake, kwa programu ya R. Pimeni pia upana wa mwavuli wa kila mti kabla ya kupuliza mara ya kwanza, muuingize kwenye modeli. Mti mpana huzaa zaidi, na ukiondoa tofauti hiyo mtawanyiko unapungua bila kuongeza shamba. Ikiwa uhusiano wa mwavuli na mavuno ndani ya shamba ni 0.5, unapungua kwa asilimia 25. Ukiwa 0.3, ni asilimia 9 tu, kwa hiyo msipunguze mashamba mkiutegemea.

```
library(lmerTest); library(emmeans)
d$dawa <- relevel(factor(d$dawa), ref = "salfa")
m <- lmer(mavuno ~ dawa + mwavuli + (1|shamba) +
          (1|shamba:ploti), data = d)
contrast(emmeans(m, "dawa"), "trt.vs.ctrl", adjust = "holm")
```

Kuna njia ya haraka ya kujua kama modeli imeelewa jaribio lenu. Tazameni safu ya `df`, yaani digrii za uhuru, kwenye matokeo. Kwa mashamba 24 na dawa nne inatakiwa iwe karibu na 69, yaani 23 x 3. Mkiona 450 na ushee, programu imehesabu miti, mmesahau ploti. Ikionyesha onyo la `singular fit`, maana yake ni kwamba fungu mojawapo limekadiriwa kuwa sifuri. Hapo ndipo wengi hufuta `(1|shamba:ploti)` ili onyo liondoke, na ndipo `df` inaporuka. Badala yake chukueni wastani wa miti mitano ya kila ploti, mpate namba 96, mfanye uchambuzi wa mtawanyiko wa kawaida wenye shamba na dawa. Kama hakuna mti uliopotea, jibu linakaribia sana lile la modeli mseto, na hata mhakiki asiyetumia R ataweza kulifuata. Wastani wa miti mitano pia unalainisha ile miti iliyozaa sifuri, inayowasumbua wanaotaka kutumia logi. Mti uliozaa sifuri usifutwe: ikiwa ubwiriunga umekausha maua yake yote, sifuri ndiyo tokeo.

Ubora wa punje mtaupima kwa sampuli moja ya korosho za ploti nzima, basi hauna miti ndani yake. Hapo ni uchambuzi wa namba 96 tangu mwanzo.

Andikeni pia mtakavyofanya mkulima akiona ugonjwa unazidi, akapuliza salfa yake mwenyewe juu ya ploti ya dawa ya maji. Itatokea. Ploti hiyo ibaki kwenye kundi ililopangiwa na kura katika uchambuzi mkuu, kisha mfanye uchambuzi wa pili bila ploti kama hizo na kuonyesha majibu yote mawili. Mkiziondoa tangu mwanzo, mtakuwa mmeondoa ploti zilizougua zaidi, na dawa dhaifu itaonekana shujaa.

La mwisho sikuliona kwenye maelezo yako, ila linabadilisha hesabu yote. Je, mnataka kuonyesha kwamba dawa ya maji *inaizidi* salfa, au kwamba *haipungui* salfa huku ikiwa na faida nyingine kama unafuu wa bei au kutosumbua macho ya wapulizaji? Yote niliyoandika ni kwa lengo la kwanza. Kwa la pili, p kubwa kuliko 0.05 haithibitishi kwamba dawa ni sawa, maana hata jaribio bovu hutoa p kubwa. Mnapaswa kutaja mapema upungufu ambao mkulima angeuvumilia, tuseme kilo 1 kwa mti, na mpaka wa chini wa uhakika wa asilimia 95 usivuke hapo. Wekeni 1 mahali pa 2 kwenye ile fomula ya 20.6, hata kabla ya marekebisho ya Holm, na mashamba yanakuwa 83. Kama hilo ndilo lengo lenu, msirudishe mpango kwa mhakiki kabla hamjaketi na mfadhili.